Diazepamu au lorazepamu: ADME ikisomwa pembeni kwa pembeni, na kwanini namba ya nusu-maisha inadanganya watu

Karibu kila seti ya slaidi za famakolojia ina kurasa nne zinazofuatana, ufyonzwaji, usambazaji, umetaboli, utoaji, ndo hizo herufi nne za Kiingereza A-D-M-E, halafu mwishoni kuna jedwali la nusu-maisha, yaani muda ambao dawa iliyomo mwilini inapungua kwa nusu. Watu wanakariri herufi nne, wanakariri jedwali, wanaenda kwenye mtihani. Sasa swali likija hivi: mgonjwa ana degedege lisilokoma, una diazepamu na una lorazepamu, ipi itamshikilia muda mrefu baada ya sindano moja ya mshipa? Mtu anakumbuka jedwali, diazepamu saa 48 hivi, lorazepamu saa 12 hivi, anajibu diazepamu bila hata kufikiri. Kakosa. Lorazepamu ndo inashikilia zaidi, na wala sio kwa tofauti ndogo.

Nimechagua hizi mbili kuzilinganisha kwa sababu ni ndugu kabisa, zote ni benzodiazepini, zinashika kipokezi kilekile cha GABA kwenye ubongo, zinatuliza, zinakata degedege, zinalaza usingizi. Yaani ukiweka pembeni jinsi zinavyofanya kazi ubongoni, tofauti karibu yote inayobaki iko kwenye ADME, kwa hiyo hapa unaona kila herufi inabadilisha nini. Tuwe na wagonjwa wawili kichwani wakati tunasoma: wa kwanza ni kijana aliye kwenye degedege sasa hivi, wa pili ni mzee wa miaka 70 mwenye ini lililosinyaa (sirosisi) ambaye kaacha pombe ghafla na anatetemeka, anahitaji benzodiazepini kwa siku kadhaa. Dozi nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu, msije mkaandikia mtu kutokea hapa.

Ufyonzwaji

Kwa mdomo hakuna ugomvi mkubwa. Zote zinaingia vizuri, karibu asilimia 90 au zaidi ya ulichomeza inafika kwenye damu, ini halizikati sana njiani. Diazepamu inawahi zaidi, kilele chake kwenye damu kinakuja baada ya saa 1 hivi, lorazepamu kama saa 2. Hiyo haraka ya diazepamu mgonjwa anaihisi, na ni moja ya sababu watu wanaipenda kupita kiasi.

Ugomvi uko kwenye sindano ya msuli. Hapa slaidi nyingi zinaandika "IM: haitabiriki" kwa diazepamu na hazielezi kwanini. Diazepamu inapenda mafuta sana na maji haiyapendi, ndo maana kwenye kichupa imeyeyushwa kwa propilini glikoli na sio maji matupu, sasa ukiichoma ndani ya msuli ile dawa inatoka kwenye kiyeyusho chake inajikuta kwenye majimaji ya mwili, inaganda pale pale na kuingia kwenye damu polepole, leo haraka kidogo, kesho taratibu, na inauma. Lorazepamu kwenye msuli inaingia vizuri na inatabirika, ila nayo haina haraka ya kutosha kwa mtu anayetikisika sasa hivi (ukilazimika kutumia msuli kwenye degedege, ndugu yao wa tatu midazolamu anawashinda wote wawili, lakini tusitoke nje ya mada).

Diazepamu ina karata moja ambayo watu wanaisahau: njia ya haja kubwa. Ule upendo wake wa mafuta unaoiharibia kwenye msuli unaisaidia kupita utando wa puru haraka, na ikiwa kwenye hali ya kimiminika au jeli inafika kwenye damu ndani ya dakika chache. Kwa mtoto anayetikisika na mshipa haupatikani, hilo ni jambo kubwa. Na kuna la uhifadhi ambalo sio ADME ila linaamua: vichupa vya lorazepamu ya sindano vinataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, diazepamu inakaa joto la kawaida la chumba. Mahali pasipo na friji ya uhakika, ulinganisho unaweza kuishia hapo hapo.

Usambazaji, ambapo ndo kila kitu kinageuka

Slaidi ya usambazaji huwa inatupiwa jicho tu, mtu anaandika "Vd lita kwa kilo", yaani ukubwa wa eneo ambalo dawa imetawanyika, anasonga mbele. Hapa ndo pa kukaa.

Kijana wetu kachomwa diazepamu kwenye mshipa. Damu inaenda kwanza kwa wingi kwenye viungo vinavyopata damu nyingi, na ubongo ni mmojawapo. Diazepamu inapita kizuizi cha ubongo kama hakipo, ndani ya dakika moja hivi iko kazini, degedege linakatika. Lorazepamu haipendi mafuta kwa kiwango hicho, inachelewa dakika chache, kwa vitendo tofauti hiyo wala sio kubwa.

Lakini mchezo haujaisha. Misuli na mafuta ya mwili yanapata damu kidogo kidogo ila ni mengi, na yanaanza kuivuta dawa. Mkusanyiko kwenye damu unashuka, na kwa vile diazepamu inapita kizuizi cha ubongo kirahisi kuingia, inapita kirahisi vilevile kutoka, kwa hiyo inahama kutoka ubongoni kurudi kwenye damu na kwenda kwenye mafuta. Mafuta yanakuwa ghala. Baada ya dakika 20 au 30 ubongoni imebaki kidogo kiasi kwamba degedege linaweza kurudi, wakati huo mwilini karibu dawa yote bado ipo! Haijavunjwa, haijakojolewa, imehama tu chumba. Hii inaitwa usambazaji upya, na nusu-maisha ya saa 48 haina habari nayo, kwa sababu ile namba inapimwa baadaye kabisa, dawa ikishamaliza kutawanyika, inapima kasi ya mwili kuiondoa.

Lorazepamu inahama taratibu zaidi na inashika kipokezi chake kwa nguvu zaidi, kwa hiyo sindano moja inaweza kukinga dhidi ya degedege kwa masaa mengi, hata kufika 12. Umeona sasa? Yenye nusu-maisha fupi ndo yenye kazi ndefu, kwa dozi moja ya mshipa.

Na kuna mtego wa pili ndani ya mtego. Degedege limerudi, mtu anarudia diazepamu, linarudi tena, anarudia tena. Kila dozi inajaza lile ghala. Likishaanza kujaa, dawa haina pa kukimbilia, kwa hiyo dozi ya tatu haitakatika baada ya dakika 20 kama ya kwanza, sasa inategemea ini peke yake na ini linahesabu kwa siku. Dalili yake unaiona: mgonjwa haamki, pumzi zinakuwa chache na za juu juu, presha inashuka, na mtu anashangaa "mbona dozi ni ileile ya mwanzo". Dozi ni ileile, ila mwili unaoipokea sio uleule tena.

Kuhusu kushikana na protini, diazepamu asilimia 98 hivi imeshikwa na albumini, lorazepamu kama 90. Mwenye albumini ya chini, kama mzee wetu wa sirosisi, anakuwa na sehemu kubwa kidogo ya dawa iliyo huru. Lipo, lijue, usilipe uzito kuliko hayo mengine.

Umetaboli

Hapa kuna njia mbili na tofauti yake ni rahisi kuelewa kuliko slaidi zinavyoifanya ionekane. Ini lina kazi za awamu ya kwanza, ambapo vimeng'enya vya CYP vinakata au kuongeza kitu kidogo kwenye dawa, na awamu ya pili, ambapo dawa inabandikwa sukari ya glukuroniki ili iyeyuke kwenye maji na figo iweze kuitoa.

Diazepamu inapita zote. CYP2C19 na CYP3A4 zinaigeuza kuwa desmethildiazepamu, ambayo nayo inafanya kazi, nayo inatuliza, na nusu-maisha yake inaweza kufika saa 100! Sehemu nyingine inapita kwenye temazepamu. Njia zote mbili zinafika oksazepamu, ambayo bado inafanya kazi, na hapo ndo sukari inabandikwa, kazi inaisha. Yaani ukimpa mtu diazepamu umempa dawa kadhaa kwa foleni.

Lorazepamu inaruka awamu ya kwanza yote. Inabandikwa sukari moja kwa moja, inakuwa glukuronidi isiyofanya kazi yoyote, basi.

Sasa kwanini hili ni muhimu kwa mzee wetu: ini likichoka, kazi za CYP zinaanguka mapema, ila kubandika sukari kunavumilia kwa muda mrefu zaidi. Kwenye sirosisi nusu-maisha ya diazepamu inarefuka kama mara mbili. Ya lorazepamu nayo inarefuka kiasi, tusidanganyane, lakini kwa sehemu kubwa ni kwa sababu dawa imetawanyika kwenye eneo kubwa zaidi, sio kwamba usafishaji umeanguka. Wale wa mitihani huwa wanakumbuka L-O-T: lorazepamu, oksazepamu, temazepamu, ndo tatu zinazotegemea kubandikwa sukari tu, kwa hiyo ndo zinazofikiriwa kwanza ini likiwa bovu. Ila ini likifa kabisa hakuna benzodiazepini iliyo salama, hata lorazepamu inaweza kumtumbukiza mtu kwenye kukosa fahamu.

Mwingiliano wa dawa nao unafuata njia hizo hizo. Omeprazoli na fluvoksamini zinazuia CYP2C19, diazepamu inakaa zaidi. Kuna watu pia wamezaliwa na CYP2C19 dhaifu, kwao dozi ya kawaida ni nzito. Lorazepamu hayo haiyajali, ila valproeti inazuia kubandikwa kwa sukari, na mgonjwa wa kifafa anaweza kabisa kuwa anatumia valproeti, kwa hiyo hapo lorazepamu inapunguzwa kama nusu.

Utoaji

Huku ni kufupi. Zote mbili zinatoka kwenye mkojo zikiwa zimeshabandikwa sukari, ambayo haijaguswa ni kidogo sana. Figo likifeli, glukuronidi ya lorazepamu inajaa kwenye damu, lakini haifanyi kazi, kwa hiyo haimlazi mtu. Usilichukue hilo kama sheria ya glukuronidi zote, ya mofini mojawapo inafanya kazi kweli kweli na mgonjwa wa figo anaweza kuacha kupumua kwa ajili yake. Kwa lorazepamu tatizo la figo liko kwingine: ikitundikwa kwa dripu ya dozi kubwa siku nyingi, ile propilini glikoli ya kuyeyushia ndo inajikusanya na kufanya damu kuwa na asidi. Ukiona asidi inapanda bila sababu kwa mgonjwa wa dripu ya lorazepamu, iangalie hiyo.

Sasa nusu-maisha, kwa hesabu

Kanuni yenyewe:

```
t½ = 0.693 × Vd / CL
```

Vd ni ukubwa wa eneo ambalo dawa imetawanyika, CL ni usafishaji, yaani lita ngapi za damu zinasafishwa kwa saa. Mtu wa kilo 70 mwenye ini zima, kwa makadirio: diazepamu Vd lita 80, CL lita 1.4 kwa saa, unapata 0.693 × 80 / 1.4, karibu saa 40. Lorazepamu Vd lita 90, CL lita 4.6 kwa saa, unapata saa 13.6. Angalia hapo, Vd zinakaribiana kabisa, tofauti yote imetoka kwenye CL, na CL imetoka kwenye ile slaidi ya umetaboli. Na ndo maana nusu-maisha sio tabia ya dawa peke yake, ni matokeo ya vitu viwili, kikibadilika chochote kati yao nayo inabadilika.

Ili hesabu iwe laini tuchukue saa 48 kwa diazepamu, saa 12 kwa lorazepamu, na saa 96 kwa diazepamu ndani ya mzee wetu wa sirosisi. Kila mtu anapewa dozi mara moja kwa siku, diazepamu mg 10, lorazepamu mg 2.

Baada ya saa 24 imebaki kiasi gani? Lorazepamu ni rahisi, saa 24 ni nusu-maisha mbili, nusu ya nusu, inabaki asilimia 25. Diazepamu saa 24 ni nusu ya nusu-maisha moja, na hapa wengi wanaandika asilimia 75, wanaona kama nusu-maisha nzima inaondoa 50 basi nusu yake inaondoa 25. Sio hivyo, kushuka sio mstari ulionyooka, mwanzoni inashuka haraka zaidi. Ni 0.5 kwa kipeo cha 24/48, sawa na 0.707, inabaki asilimia 71. Kwa mzee ni 0.5 kwa kipeo cha 24/96, asilimia 84.

Kiasi kilichomo mwilini mara tu baada ya kila dozi (mg):

| Siku | Lorazepamu, saa 12 | Diazepamu, saa 48 | Diazepamu ya mzee, saa 96 |
|---|---|---|---|
| 1 | 2.0 | 10 | 10 |
| 2 | 2.5 | 17.1 | 18.4 |
| 3 | 2.6 | 22.1 | 25.5 |
| 5 | 2.7 | 28.1 | 36.4 |
| Kilele cha mwisho | 2.7 | 34 | 63 |

Lorazepamu siku ya tatu imeshatulia, haiendi popote tena, imezidi dozi ya kwanza kwa theluthi moja tu. Diazepamu inapanda mpaka mara 3.4 ya dozi moja, kwa mzee mara 6.3, na inachukua nusu-maisha 4 au 5 kufika huko, yaani kwa mzee siku 16 mpaka 20. Na hesabu hii haijagusa desmethildiazepamu ambayo inajikusanya yenyewe pembeni kwa kasi yake.

Siku ya pili mzee na mtu mzima wa afya wanaonekana sawa, 18.4 na 17.1, nani ataona tofauti hiyo kitandani? Siku ya tano pengo ni mg 8. Ndo maana tatizo hili haliji siku ya kwanza, linakuja mtu kashaandikiwa, karuhusiwa, yuko nyumbani, halafu familia inaona analala mchana, anayumba akitembea, maneno yanaburuzika, anachanganya siku, na wanasema "uzee" wakati ni dawa. Anaanguka anavunja nyonga. Na kwa mtu wa sirosisi kuchanganyikiwa huko kunaweza kudhaniwa ini limepanda kichwani, au dawa yenyewe ikalichochea kweli.

Kwa hiyo unachukua ipi

Kijana wa degedege mwenye mshipa wazi, kama zote mbili zipo, mimi nachukua lorazepamu, kwa sababu ya usambazaji na sio kwa sababu ya nusu-maisha. Kama ni diazepamu tu iliyopo, ni dawa nzuri kabisa, inakata degedege vizuri tu, ila lazima dawa ya kukinga ya muda mrefu, kama fenitoini au valproeti, ianze mapema kabla lile ghala halijaivuta, sio kusubiri degedege lirudi ndo uanze kutafuta. Hakuna mshipa na ni mtoto: diazepamu ya njia ya haja kubwa, lorazepamu haina jibu la haraka hivyo.

Mzee wa sirosisi: lorazepamu, dozi ndogo, na anaangaliwa kabla ya kila dozi, akiwa amesinzia anarukwa. Hiyo nafasi ya kuruka dozi ina maana kwa lorazepamu kwa sababu kesho yake kweli imeshashuka. Kwa diazepamu ya saa 96 ukiruka dozi moja bado asilimia 84 ipo pale.

Mwenye ini zima anayeacha pombe, hapo nageuka, nachukua diazepamu. Ule urefu unaomuumiza mzee ndo unaomsaidia huyu, unampa siku mbili tatu za mwanzo za kutosha, halafu unasimamisha na dawa inajishusha yenyewe polepole kwa siku 10 hivi, wakati lorazepamu inakwisha ndani ya saa 60 na mtetemeko unaweza kurudi. Ni hivyo hivyo kwa mtu aliyezoea benzodiazepini miezi mingi na anataka kuacha. Akikata lorazepamu ghafla dalili zinaanza siku ya kwanza au ya pili, wasiwasi, kukosa usingizi, hata degedege. Akikata diazepamu ghafla zinaweza kuchelewa mpaka wiki, na huo uchelewaji unawafanya watu waseme kaacha salama, wanamruhusu siku ya nne, anatikisika siku ya nane akiwa hana mtu karibu. Kwa hiyo hata hapo diazepamu inapunguzwa kidogo kidogo, na tarehe ya kumwona tena inapangwa kwa kufuata nusu-maisha, sio kwa jinsi anavyoonekana siku ya kutoka.